Hapo Tuko Sehemu ya Ngapi?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kila hazina ya kaunti iwe imefikisha Waraka wa Mkakati wa Fedha kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na kabla ya hapo iwe imezingatia maoni ya wananchi. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka utamkuta afisa wa mipango amesimama ukumbini huko Garashi, Bamba au Matsangoni, projekta imeinuliwa kwa vitabu viwili, na slaidi arubaini zinamngoja. Mbele yake wamekaa wazee wa mtaa, kina mama wa vyama, vijana walioegesha bodaboda nje, na mwalimu mstaafu ambaye nakala yake keshaipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Wengine watafika saa moja baadaye. Wengine watatoka kupokea simu na kurudi. Na wapo wanaomngoja mkalimani aseme kwa Kigiriama ndipo waandike.

Wasilisho refu katika ukumbi wa namna hiyo haliharibiwi na ugumu wa hesabu peke yake. Linaharibika pale msikilizaji anapopotea kidogo, akainua macho, na asipate mahali pa kuingilia tena. Kinachomsaidia ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja: slaidi ya ajenda inayorudi ukutani kila sehemu inapoisha, na maneno machache ya kuelekeza ambayo msemaji huyasema papo hapo. Nitaieleza mbinu hii kwa mfano wa waraka huo wa fedha, kwa kuwa ndiyo mada ndefu ambayo wakazi wa Kilifi huitwa kuisikiliza kila mwaka. Anayetetea tasnifu yake Chuo Kikuu cha Pwani au anayewasomea wanachama hesabu za sako Malindi atafuata njia iyo hiyo.

Kwanza tutenganishe ajenda na ratiba. Mikutano yetu ina ratiba yake: maombi, kujitambulisha, chifu, mwakilishi wadi, wageni, mada, chai. Ratiba hiyo ni ya mwenye kuongoza mkutano. Ajenda ninayoisema ni ya mada yako tu, tangu unaposhika kipaza sauti hadi unapokiachia. Ukizichanganya kwenye slaidi moja, msikilizaji ataona mistari kumi ambayo sita kati yake imeshapita, na neno “mada” likiwa mstari mmoja mwembamba katikati. Hapo hujamwambia lolote kuhusu saa mbili zinazokuja.

Sasa tazama ajenda kama inavyoandikwa mara nyingi: Utangulizi. Hali ya uchumi. Mapato. Vipaumbele na vikomo vya idara. Changamoto. Hitimisho. Hakuna kosa la lugha hapo, ila hakuna anachokishika msikilizaji. “Utangulizi” na “Hitimisho” ni maneno yanayofaa mada yoyote duniani, kwa hiyo hayasemi chochote kuhusu hii. “Mapato” ni jina la rafu, halimwambii mtu atatoka na nini. Andika upya kila kichwa kiwe swali ambalo mtu aliyekaa pale angeliuliza mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe. Kwa waraka wetu ingekuwa hivi:

1. Leo tunaamua nini, na nini hatuamui? (dakika 10)
2. Fedha za kaunti zinatoka wapi? (dakika 20)
3. Kila idara itapewa kiasi gani, na kwa nini? (dakika 35)
4. Maoni yenu yataenda wapi baada ya leo? (dakika 10)
5. Zamu yenu: maswali na maoni (dakika 45)

Mistari mitano inatosha. Ikizidi hapo watu hawaikumbuki, na ukiona huwezi kuipunguza, jua sehemu mbili kati yake ni moja. Dakika ziandikwe, kwa sababu kinachowatoa watu ukumbini mapema ni kutojua zamu yao ya kusema itafika lini. Ukianza saa nne u nusu asubuhi, ajenda hii inafika kwenye maoni saa sita kasorobo na kukoma saa sita u nusu, ambapo mwezi wa Februari adhana ya adhuhuri huwa imekaribia sana. Pwani hii, ajenda isiyoijua saa ya swala itakatizwa katikati ya sentensi. Afadhali kiungo cha sehemu mbili kiangukie hapo kuliko jedwali la idara ya afya.

Mstari wa kwanza ndio ninaoutetea kuliko yote, na ndio unaosahauliwa. Waraka wa mkakati hupanga vikomo: idara ya maji isizidi kiasi hiki, ya barabara isizidi kile. Hauorodheshi visima wala zahanati. Miradi ina nafasi zake nyingine katika mwaka: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Asiyeelezwa hilo atangoja saa mbili, asimame, aombe kisima cha kijijini kwao, karani aandike, na waraka wenyewe usiwe na mahali pa kulijibu ombi hilo. Aliyeelezwa atasimama na kusema idara ya maji iongezwe, na ataje idara ya kupunguzwa. Haja ni ile ile ya maji, ila safari hii imesemwa mahali inapoweza kubadilisha tarakimu. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya mada yako ni ajenda ya aina nyingine: inamwonyesha msikilizaji mwaka mzima wa bajeti na mahali tulipo ndani yake leo. Dakika kumi hizo usizibane.

Tuje kwenye slaidi yenyewe. Herufi zisipungue ukubwa wa 28, nyeusi juu ya nyeupe, bila picha ya ufuo wala nembo tano juu. Kumbi nyingi za wadi zina madirisha mapana na mwanga wa saa tano ni mkali, kwa hiyo rangi laini ulizozichagua ofisini usiku zitapotea ukutani. Ukimaliza kuiandika, inakili mara nne ili uwe na tano (kwenye PowerPoint, chagua slaidi ubonyeze Ctrl na D), kisha buruta kila nakala uiweke kabla ya sehemu yake. Katika kila nakala, mstari wa sehemu inayoanza uwe mzito na uwe na mshale mbele yake. Wengi hupendelea kuifanya mistari mingine kijivu. Kwenye skrini ya kompyuta inapendeza, ila kwa projekta dhaifu kijivu hakionekani kabisa, na ajenda inageuka kuwa mstari mmoja uliosimama peke yake. Msikilizaji anataka kuona alikotoka na kulikobaki, si pale aliposimama tu. Tumia mshale, uiache mistari mingine isomeke.

Juu ya hapo, weka pembeni mwa kila slaidi ya kawaida alama ndogo kama “3 kati ya 5: Idara”. Hiyo ni ya anayerudi kutoka nje. Na nambari za sehemu ziwe zile zile kwenye nakala za karatasi mlizogawa, kwa sababu mwalimu wetu mstaafu hatazami ukuta, anatazama karatasi yake.

Slaidi hizi hazisomwi neno kwa neno. Mara ya kwanza tu ndipo unaipitia ajenda yote, polepole. Baada ya hapo kila inaporudi hukaa muda wa kuvuta pumzi mara mbili tatu, na kazi kubwa inafanywa na mdomo.

Maneno ya kiungo yana hatua tatu, na mpangilio wake ni muhimu. Unafunga sehemu iliyopita kwa kusema jibu lake kwa sentensi moja. Unaonyesha mahali tulipo. Kisha unafungua sehemu inayofuata kwa kuliuliza swali lake kama lilivyoandikwa. Hebu tuvuke kutoka sehemu ya pili kwenda ya tatu. Slaidi ya mwisho ya mapato bado iko ukutani, na msemaji anasema:

“Hapo tumemaliza sehemu ya pili. Tumeona kwamba sehemu kubwa ya fedha zetu ni mgao kutoka serikali ya kitaifa, na tunachokusanya wenyewe ni kidogo. Kwa hiyo tukitaka kumwongeza mmoja, itabidi tumpunguze mwingine.”

Ananyamaza. Anabonyeza, ajenda inatokea, mshale uko kwenye mstari wa tatu.

“Sasa tunaingia sehemu ya tatu, na hii ndiyo ndefu kuliko zote. Kila idara itapewa kiasi gani, na kwa nini? Wenye nakala, fungueni jedwali la idara. Tutakaa hapa kama nusu saa, kisha tutabakiza sehemu moja fupi kabla ya zamu yenu.”

Angalia kwamba kufunga kumefanyika kabla ya kubonyeza. Ukibonyeza kwanza, macho yote yanakimbilia slaidi mpya na masikio yanafuata macho, hivyo sentensi yako ya kufunga itasemwa hewani. Angalia pia kwamba kufunga kumetoa jibu. “Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya mapato” haifungi kitu. Sentensi nzuri ya kufunga ni ile ambayo mtu aliyeingia sasa hivi akiisikia peke yake ataweza kuendelea nasi, hata kama mapato yalimpita yote.

Anayehudhuria maulidi ya Barzanji analijua jambo hili bila kufundishwa. Kila mlango unapoisha hurudi kiitikio kile kile, na aliyekuwa nje akipanga sahani anajua mlango mmoja umefungwa na mwingine unafunguliwa. Nguvu iko katika kurudi kwa maneno yale yale. Wasemaji wetu, kwa kupenda ufasaha, hubadilisha: sehemu ya tatu huitwa “mgao wa idara” kwenye slaidi, “vikomo vya kisekta” mdomoni, na kitu kingine kabisa kwa Kiingereza kwenye karatasi. Kila jina jipya linamfanya msikilizaji adhani tumefika mahali papya. Katika maelezo yako tumia lugha pana upendavyo. Katika viungo, uwe bahili: jina moja la sehemu, liwe moja ukutani, mdomoni na kwenye nakala.

Mkalimani naye apewe ajenda na sentensi zako za viungo kabla ya mkutano, ziwe zimeandikwa. Asipopewa, atafasiri takwimu vizuri na kuyaruka maneno ya kuvukia, kwa kuwa kwake yanasikika kama porojo za msemaji. Nusu ya ukumbi itakuwa bado iko kwenye mapato ilhali nyinyi mko kwenye afya. Na kwenye kiungo ndipo umngoje mkalimani amalize kabisa kabla hujabonyeza.

Ndani ya sehemu ndefu kuna shida ya pili, nayo ni ya kuhesabu. Sehemu ya tatu ina idara nyingi, na msemaji huanza “kwanza”, “pili”, “tatu” wakati ajenda nayo ina kwanza, pili, tatu. Akisema “sasa la nne”, je, ni idara ya nne au sehemu ya nne? Wanaofuata kwa karatasi hufungua ukurasa usio wake. Zigawe hesabu mbili hizo: zile kubwa ziitwe “sehemu” na ziwe na nambari, zile ndogo zitajwe kwa majina yake bila nambari. Idadi yake itangaze mwanzoni: “Sitazipitia zote. Nitasimama kwenye idara nne: afya, elimu, barabara na maji.” Kisha unapohama: “Tumetoka afya, tunaingia elimu.” Sentensi fupi namna hiyo yatosha. Ajenda hairudi ukutani kwa mambo haya madogo, la sivyo watu wataichoka na haitakuwa na uzito itakapohitajika.

Kuna maneno ambayo yana sura ya kuelekeza lakini hayaelekezi. “Haya, tuendelee” ni mojawapo. Tuendelee wapi? “Kama nilivyotangulia kusema” ni jingine, hasa likisemwa juu ya jambo ambalo halikutangulia kusemwa. Baya kuliko yote ni “kwa kumalizia” linalotamkwa dakika ishirini kabla ya mwisho. Likitamkwa mara moja watu hukusanya mikoba. Likirudiwa, wanaacha kukuamini katika maneno yako mengine ya njia pia, hata yale ya kweli. Litumie mara moja tu, na ndani ya dakika mbili uwe umeketi.

Kuchepuka nako kuna adabu yake. Mtu atauliza katikati ya elimu kuhusu daraja lililochukuliwa na maji, na pengine ni busara kumjibu. Fungua mchepuko kwa sauti: “Natoka kidogo nje ya ajenda kumjibu mzee.” Ukimaliza, ufunge kwa sauti pia: “Narudi. Tulikuwa sehemu ya tatu, kwenye elimu, tukizungumzia walimu wa chekechea.” Wengi wanajua kufungua, wachache wanafunga, na ndipo ukumbi unapobaki darajani huku msemaji akiwa amesharudi kwenye elimu.

Yote haya yanategemea stima, na stima huku kwetu ina mambo yake. Kwa hiyo iandike ajenda pia kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa, uibandike ukutani kando ya projekta tangu asubuhi. Projekta ikizimika unaendelea, mkono ukionyesha mstari tulipo. Nitasema zaidi: hata stima isipozimika, karatasi ile ina faida ambayo slaidi haina, kwa kuwa haiondoki. Anayeingia saa tano u nusu anaisoma kabla hajapata kiti. Nafasi ya kuchagua kimoja tu ikitokea, ningechagua karatasi.

Muda ukikubana, usiongeze kasi ya kusema. Nenda kwenye ajenda, ukate hadharani: “Tumebakiwa na dakika ishirini kabla ya zamu yenu. Katika idara nne nitaeleza maji tu. Afya, elimu na barabara mtazisoma kwenye jedwali la nakala zenu, na maswali yake nitayapokea.” Kukata namna hii kunamwachia msikilizaji ramani nzima. Kuruka slaidi kumi na mbili kwa kubonyeza haraka haraka kunamfanya ahisi kwamba kuna jambo linafichwa, na kwa mambo ya fedha za umma hisia hiyo ni sumu. Sehemu ya tano, ya maoni, isikatwe kamwe. Sheria imewaita watu kwa ajili ya hiyo.

Utajuaje kwamba umewapoteza? Usiwaulize kama “tuko pamoja”, maana ukumbi mzima utaitikia ndiyo. Tazama karatasi: kurasa zikigeuzwa mbele na nyuma wakati wewe huna ukurasa ulioutaja, wamepotea. Sikiliza maswali: mtu akiuliza katika sehemu ya tatu jambo ulilolijibu katika ya pili, kosa huenda liko kwenye sentensi yako ya kufunga, haikutoa jibu. Baada ya mkutano soma maandishi ya karani. Kama maoni mengi ni orodha ya miradi na hakuna hata moja linalotaja kiasi cha idara, sehemu ya kwanza ilibanwa au iliharakishwa, na hapo ndipo pa kurekebisha kabla ya wadi inayofuata. Kabla ya mkutano wenyewe, mwite mwenzako asiye wa idara yenu, umsomee mada, uikatize ghafla mahali popote, umwulize tuko sehemu gani na iliyopita ilisema nini. Akijibu la kwanza na kushindwa la pili, slaidi zako ni nzuri na maneno yako ni hafifu.

Mada ya dakika kumi haihitaji ajenda ya ukutani. Sentensi moja ya mwanzo yatosha: “Nina mambo mawili, la barabara na la soko.” Kwa mada ndefu, usiku wa kuamkia mkutano ukiwa na nafasi ya kuandaa kitu kimoja tu, acha rangi na picha. Andika sentensi zako za kuvukia, kutoka ya kwanza hadi ya tano zitakuwa nne, uzikariri kama zilivyo, na umpe mkalimani nakala yake.